Chumba Chenye Joto na Moyo Unaokimbia Usiku: Majibu kwa Madai Matano ya Karagwe na Kyerwa

Siku hizi si ajabu kumwona dereva wa bodaboda wa Omurushaka au mnunuzi wa kahawa wa Nkwenda amevaa saa inayohesabu mapigo ya moyo usiku kucha. Asubuhi saa hiyo humpa namba mbili. Ya kwanza ni wastani wa mapigo kwa dakika akiwa usingizini. Ya pili huandikwa HRV, na hupimwa kwa milisekunde. Hii inaonyesha jinsi muda kati ya pigo moja na jingine unavyotofautiana. Moyo wa mtu aliyetulia haupigi kwa vipimo vilivyo sawa kabisa: pigo moja huchukua sekunde moja, linalofuata hupungua kidogo, la tatu huongezeka kidogo, kwa kufuata pumzi na amri za mishipa ya fahamu. Mwili ukiwa kazini, hata kama mwenye mwili amelala, mapigo huongezeka na tofauti hiyo hupungua.

Namba ya kwanza ikipanda na ya pili ikishuka, watu huanza kutafuta mchawi. Wengine hutaja malaria, wengine presha, wengine hewa kuisha. Wachache huangalia chumba walicholala. Nimeyakusanya hapa madai matano ninayoyasikia mara kwa mara katika wilaya zetu mbili, na ninayajibu moja baada ya jingine kwa sababu makosa haya yanawagharimu watu fedha na usingizi, na moja kati ya hayo linaweza kuwagharimu uhai.

Dai la kwanza: "Huku ni baridi. Joto la chumbani ni shida ya Dar es Salaam."

Ni kweli kwamba nje kuna baridi. Vilima vingi vya Karagwe viko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa ya nje hushuka hadi nyuzi 15 au 17. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ina maeneo ya chini zaidi kuelekea Mto Kagera na Murongo, na huko usiku huwa na joto zaidi kidogo. Lakini hakuna anayelala nje. Tunalala ndani, na kwa kuwa nje ni baridi, tunafunga kila tundu.

Tuangalie vyanzo vya joto katika chumba cha kawaida cha Kayanga. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi, sawa na balbu ya zamani iliyoachwa ikiwaka usiku kucha. Baba, mama na mtoto wakilala chumba kimoja, joto lao pamoja linakaribia wati 180. Kuta za tofali za kuchoma zilizopigwa na jua la alasiri, hasa ukuta wa magharibi, hushika joto hilo na kuliachia ndani saa kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya saa 2 usiku na usiku wa manane. Watu hulilaumu bati, lakini bati tupu hupoa haraka jua likizama. Linalochelewa kupoa ni ukuta, pamoja na hewa iliyonaswa chini ya dari isiyo na tundu.

Zaidi ya yote, mwili hauhisi joto la chumba peke yake. Unahisi joto la kitandani. Hewa iliyo kati ya ngozi na blanketi huwa nyuzi 32 hadi 34 mtu anapolala vizuri. Godoro la sponji halipitishi joto kwa upande wa chini, blanketi zito hulizuia kwa juu, na chandarua hupunguza mwendo wa hewa kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa jasho mgongoni wakati pua yake inahisi baridi.

Jasho hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na moyo. Ili usingizi uwe mzito, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kwa karibu nyuzi moja, na mwili hulitoa kwa kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, hasa mikononi na miguuni. Kitanda kikiwa na joto, ngozi haina mahali pa kulimwaga. Mwili huongeza damu zaidi kwenye ngozi na kutoa jasho, na moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi ili damu itoshe huko na kwenye viungo vya ndani. Huo ndio mwendo unaoonekana kwenye saa: mapigo juu, HRV chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith cha Australia waliwafuatilia wazee wa miaka 65 na zaidi wakiwa wamelala nyumbani kwao, na walikuta kwamba kadiri chumba kilivyozidi nyuzi 24, ndivyo HRV yao ilivyoelekea kushuka. Nyuzi 25 au 26 ndani ya chumba kilichofungwa cha Karagwe si jambo la ajabu, hata kama nje ni 16.

Dai la pili: "Chumba kikifungwa, oksijeni inakwisha. Ndiyo maana moyo unakimbia."

Dai hili linasikika kama sayansi, lakini hesabu inalikataa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Ndani yake kuna lita 22,500 za hewa, na kati ya hizo lita 4,700 hivi ni oksijeni. Watu wazima wawili na mtoto wakilala saa nane, hutumia lita 300 hivi. Hata kama chumba kingezibwa kabisa bila ufa wowote, oksijeni ingepungua kwa asilimia 6 tu. Mtu anayehama kutoka Dar es Salaam kuja Kayanga hupoteza zaidi ya hapo kwa sababu ya kimo peke yake: hewa yetu ina oksijeni pungufu kwa asilimia 15 au zaidi kuliko ile ya pwani, na tunaishi nayo maisha yetu yote.

Kinachobadilika sana ndani ya chumba kilichofungwa ni vitu vitatu: joto, unyevu na hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi tunayoitoa kwa pumzi. Nje, hewa hiyo ni sehemu 420 hivi kati ya milioni moja. Chumba chetu cha mfano, kikiwa na nyufa za kawaida zinazobadilisha nusu ya hewa yake kila saa, kitafika sehemu 3,000 hivi kabla ya alfajiri. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanafunzi waliolala katika vyumba vyao vya bweni, usiku mwingine hewa ikiwa ya kutosha na mwingine ikiwa imejaa hewa ya ukaa kiasi cha sehemu 2,400 hadi 2,600. Hewa ilipokuwa safi walilala vizuri zaidi, na kesho yake walifanya vyema zaidi jaribio la kufikiri. Kwa hiyo hewa nzito huharibu usingizi, na usingizi uliokatika-katika huvuruga mapigo. Lakini mtu akiniuliza kipi kinasukuma moyo zaidi, jibu ni joto.

Unyevu ndio unaoviunganisha hivi viwili. Watu watatu waliolala hutoa kwa pumzi na ngozi zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Chumba kisipopitisha hewa, maji hayo hubaki hewani, na jasho halikauki. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Ukiamka ukakuta matone chini ya bati au kwenye kioo cha dirisha, hicho ni kipimo cha bure: hewa ya usiku haikutoka.

Dai la tatu: "Jiko la mkaa likishaacha kutoa moshi, halina madhara chumbani."

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, na sitalijibu kwa upole. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, rangi wala mwasho. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu kubwa kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba kinachohitajika. Moyo hujaribu kufidia kwa kupiga haraka. Anayelala anaweza asiamke.

Mtu anayefuatilia mapigo yake anaweza kudhani ni joto la jiko tu lililoyapandisha. Tofauti ipo. Kaboni monoksaidi huacha kichwa kinachouma asubuhi, kizunguzungu au kichefuchefu, na mara nyingi watu wote wa nyumba, hata kuku au mbuzi waliolazwa ndani, huonyesha dalili kwa pamoja. Wakitoka nje, nafuu huanza. Wala usidanganywe na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliyekwisha kuathirika.

Kwa sumu hii hakuna majaribio ya kulinganisha usiku na usiku. Jiko linatoka nje leo. Mwenye dalili nilizozitaja atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya. Baridi itakabiliwa kwa soksi, nguo kavu na blanketi.

Dai la nne: "Dirisha likiwa wazi, mtoto atapata nimonia na mbu wataingia."

Dai hili lina sehemu mbili. Nimonia husababishwa na vijidudu, na vingi hupita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa hewa wanayoshirikiana. Chumba kilichofungwa chenye watu wanne huwasaidia vijidudu hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo wodi za kifua kikuu hufunguliwa madirisha. Mtoto mchanga anahitaji kufunikwa na asilale kwenye upepo unaompiga moja kwa moja, lakini kumfunika mtoto si kuziba chumba.

Kuhusu mbu, hofu ni ya haki, kwani Kagera inaijua malaria. Lakini mbu hufuata hewa ya ukaa tunayoitoa, na nyumba iliyofungwa huivujisha mahali pale pale walipo, kwenye nyufa za mlango na pembe za paa. Jibu ni kuweka wavu dirishani na kwenye matundu ya juu, kisha kuacha hewa ipite. Jambo hili limejaribiwa hapa Tanzania. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na zilizowekewa wavu, wakazilinganisha na nyumba za kawaida za kijiji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba hizo zilikuwa na joto pungufu kwa zaidi ya nyuzi mbili, na mbu ndani walipungua sana. Hewa kupita na mbu kuzuiwa vilikwenda pamoja.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kazi ni ndogo. Mafundi wetu huacha matundu ya hewa juu ya dirisha, na wenye nyumba huyaziba kwa magunia au karatasi. Yazibue, uyawekee wavu. Hewa haipiti kwa tundu moja, inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo acha pia uwazi wa vidole viwili chini ya mlango au tundu upande wa pili. Hewa ya joto itatokea juu na ya baridi itaingia chini, hata usiku usio na upepo. Anayehofia wezi afunge dirisha na kutegemea matundu haya ya juu. Chandarua kinabaki. Kitandike kwa upana ili kisigusane na miili, na sogeza kitanda kiwe karibu na mkondo wa hewa.

Dai la tano: "HRV ikishuka moyo ni mgonjwa, na bila vipimo vya hospitali kubwa huwezi kujua sababu."

HRV hutofautiana sana kati ya watu. Mmoja ana 25, mwingine 80, na wote ni wazima. Hushuka pia kwa umri. Kwa hiyo kulinganisha namba yako na ya jirani hakuna maana, unajilinganisha na wewe mwenyewe wa wiki iliyopita. Saa nayo hukosea: mkanda ukilegea au mkono ukipoa, mwanga wake hausomi damu vizuri. Pigo moja au mawili ya tofauti si habari. Tofauti ya mapigo manne au matano inayojirudia usiku kadhaa ndiyo ya kufuatilia.

Na sababu inaweza kutafutwa nyumbani. Unahitaji kipimajoto cha chumba, kipimajoto cha mwili na daftari. Asiye na saa ahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima anapoamka, kabla ya kuinuka. Hayo si mapigo ya usingizini, lakini hupanda na kushuka pamoja nayo.

Kwanza, pima joto la mwili jioni na asubuhi. Homa ya nyuzi moja huongeza mapigo kumi hivi kwa dakika. Kwapani ukikuta nyuzi 37.5 au zaidi, acha habari za chumba na nenda zahanati ukapimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Usinunue dawa kwa sababu saa imepandisha namba.

Pili, ondoa sababu nyingine mbili ambazo huku kwetu ni za kila siku. Rubisi, au pombe yoyote ya jioni, hupandisha mapigo na kushusha HRV usiku huo huo. Sahani kubwa ya ndizi na maharage iliyoliwa saa 4 usiku nayo huupa mwili kazi kwa saa kadhaa. Usiku wote wa majaribio uwe bila pombe, na chakula kiliwe saa 1 jioni au saa 2.

Tatu, badilisha kitu kimoja tu, kisha ukirudishe. Hatua ya kukirudisha ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo huwezi kujua kama ni chumba au ni wiki yenyewe iliyokuwa na kazi nyepesi. Tuchukue mfano wa kile chumba chetu cha watu watatu. Usiku tatu za mwanzo wanalala kama kawaida, wakiwa wamefunga. Kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kitanda, mbali na ukuta, kinasoma nyuzi 26 saa 4 usiku na 25 saa 11 alfajiri. Mapigo ya mama ni 66 kwa wastani, HRV 31. Usiku tatu zinazofuata wanazibua matundu na kuacha uwazi chini ya mlango, blanketi likiwa lile lile. Chumba kinasoma 24 na 21, mapigo 61, HRV 39. Usiku tatu za mwisho wanaziba tena: mapigo yanarudi 65, HRV 32. Hapo chumba kimekutwa na hatia. Kama mapigo yangebaki 66 wakati chumba kimepoa, wangejaribu kitanda: blanketi jepesi, au mkeka juu ya godoro la sponji. Kama hata hapo hayakushuka, sababu haiko chumbani.

Mwendo wa usiku wenyewe nao husaidia. Joto la kuta hupandisha mapigo mwanzoni mwa usiku, kisha yanashuka chumba kinapopoa kuelekea alfajiri. Pombe na chakula kizito huchora mstari unaofanana na huo, ndiyo maana viliondolewa kwanza. Chumba kilichozibwa chenye watu wengi huyaweka mapigo juu hadi asubuhi. Homa haijali usiku wala mchana. Na anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza, kisha akashtuka akitafuta pumzi, ana tatizo la njia ya hewa ambalo dirisha halitalitibu.

Majaribio haya yana mpaka. Yeyote mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, anayekosa pumzi, au ambaye mapigo yake mchana akiwa amekaa ametulia yanazidi 100, asihesabu usiku. Aende hospitali siku hiyo hiyo, iwe Nyakahanga au Isingiro. Vivyo hivyo mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa. Kwa wengine wote, anzeni na ngazi na nyundo: zibueni matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yenu, myawekee wavu, na mpeni daktari daftari lenye namba iwapo mapigo yatakataa kushuka.